Siagi na Majarini: Kilichomo, na Kazi ya Chumvi

Mteja akiingia duka la mtaani, Temeke au Kisumu, akaomba siagi, mara nyingi hupewa kopo la majarini, akalipa na kuondoka bila yeyote kuona kasoro. Kama anakwenda kupaka mkate, hasara si kubwa. Lakini kama anakwenda kuoka keki au kuchemsha samli, au kama ameambiwa na daktari apunguze chumvi na mafuta, basi amebeba kitu ambacho hakukiomba. Rangi haitamsaidia kutambua, maana vyote viwili ni vya manjano. Kinachotofautisha ni mafuta yaliyotumika, kiasi cha maji kilichofungiwa ndani yake, na chumvi iliyowekwa.

Siagi hutoka kwenye maziwa, na kwa kawaida maziwa ya ng'ombe. Ndani ya maziwa mafuta hukaa kama matone madogo sana, kila tone likiwa limevishwa utando mwembamba unaolizuia kuungana na jirani yake. Maziwa yakitulia, matone hayo hupanda juu na kuwa malai. Kiwandani mashine huyatenganisha kwa kuyazungusha kwa kasi. Malai hayo hupozwa hadi sehemu ya mafuta igande, kisha husukwa. Msukosuko hupasua tando, mafuta hushikana, na baada ya muda huonekana chembe za manjano mithili ya punje za mchele zikielea kwenye majimaji meupe. Majimaji humwagwa, chembe huoshwa kwa maji baridi, halafu hukandwa mpaka ziwe donge moja. Hapo ndipo chumvi huongezwa, ikiwa itaongezwa.

Joto la malai ndilo huharibu kazi hii mara nyingi. Yakiwa ya uvuguvugu, mafuta hubaki laini mno, siagi hutoka ikiwa na ulegevu wa grisi, na mafuta mengi hupotelea kwenye majimaji. Yakiwa baridi kupita kiasi, mtu atasuka hadi mikono ife ganzi kabla chembe hazijajitokeza. Kwa maziwa yenye mafuta asilimia 4, lita 20 hivi hutoa takriban kilo moja ya siagi. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini siagi haiwezi kuuzwa kwa bei ya majarini, na kwa nini pakiti ya bei ya chini sana inastahili kugeuzwa na kusomwa nyuma.

Viwango vya kimataifa vya Codex, vinavyosimamiwa na FAO na WHO, vinataka siagi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Vitu vingine vya maziwa, kama protini na sukari ya maziwa, havitakiwi kuzidi asilimia 2. Kwa hiyo siagi si mafuta matupu. Ni mafuta yaliyofungia matone madogo ya maji, kinyume kabisa na maziwa yalivyokuwa mwanzoni. Jambo hili la matone ya maji tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloeleza kazi ya chumvi na sehemu kubwa ya yanayotokea kwenye oveni.

Rangi ya manjano hutoka kwenye karotini ya majani mabichi. Ng'ombe anayelishwa nyasi za masika hutoa siagi ya manjano kuliko anayelishwa majani makavu na pumba, na siagi ya nyati maji ni nyeupe kwa kuwa mnyama huyo huigeuza karotini kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye maziwa. Viwanda vingi huongeza rangi ili bidhaa ifanane mwaka mzima, na mojawapo ya rangi hizo hutoka kwenye mbegu za mzingefuri. Hutumika kwenye siagi na kwenye majarini pia, kwa hiyo umanjano hauthibitishi chochote.

Majarini ilizaliwa Ufaransa. Napoleoni wa Tatu alitaka mbadala wa bei nafuu wa siagi kwa ajili ya jeshi la majini na watu maskini, na mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akasajili njia yake. Aliyeyusha mafuta ya ng'ombe kwa joto la chini, akakamua sehemu iliyo laini, akaipiga pamoja na maziwa yaliyotolewa malai. Yaani majarini ya kwanza haikuwa ya mimea hata kidogo. Wafanyabiashara wa siagi wa Uholanzi waliichukua njia hiyo ndani ya miaka michache, wakaifanya kuwa bidhaa ya kiwandani.

Kikwazo kilikuwa upatikanaji wa mafuta magumu. Mafuta ya alizeti, pamba au soya hubaki maji kwenye joto la kawaida, na hakuna anayeweza kupaka maji kwenye mkate. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alionyesha kwamba mafuta ya maji yakipitishiwa haidrojeni pamoja na unga wa nikeli huganda. Kuanzia hapo kiwanda kingeweza kununua mafuta yoyote ya bei nafuu na kuyapa ugumu unaotakiwa. Wakati huohuo mawese, ambayo kwa asili huwa nusu mgando, yalianza kutafutwa sana Ulaya. Kampuni ya Lever ilipata maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo ya Wabelgiji mwaka 1911, na mawese yaliyozalishwa kule, mara nyingi na watu walioshurutishwa kufanya kazi, yalikwenda kuwa sabuni na baadaye majarini. Majarini ina historia hiyo pia, na msomaji wa Kigoma au wa Kongo ana haki ya kuijua.

Siku hizi kazi huenda hivi. Mafuta ya mimea husafishwa mpaka yabaki bila rangi wala harufu. Mafuta ya maji, kama ya alizeti au soya, huchanganywa na sehemu ngumu, ambayo mara nyingi hutoka kwenye mawese. Huongezwa lesithini au kiungo kingine cha kushikanisha mafuta na maji, vitamini A na D, rangi na harufu ya kuigiza siagi. Pembeni huandaliwa maji yenye chumvi, wakati mwingine pamoja na unga wa maziwa. Pande hizo mbili hukutanishwa na kupozwa kwa ghafla ndani ya mabomba yenye visu vinavyokwangua kuta bila kusimama, ili fuwele za mafuta ziwe ndogo na laini.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mijadala mingi hupotea njia. Watu hushindanisha siagi na majarini kana kwamba ni vitu viwili, ilhali siagi ni kitu kimoja na majarini ni ukoo mzima. Tabia ya siagi imeshaamuliwa na ng'ombe na lishe yake: huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, yaani chini kidogo ya joto la mdomo, na ndiyo maana hupotea ulimini bila kuacha utando. Tabia ya majarini huamuliwa na mtengenezaji. Anaweza kuifanya laini ipakike ikitoka tu kwenye friji, au ngumu ivumilie rafu ya duka lisilo na friji Tanga mwezi wa Februari. Kinachoiwezesha kustahimili joto hilo ni sehemu ngumu ya mafuta, na sehemu hiyo ndiyo yenye mafuta mengi yaliyoshiba, yaleyale ambayo watu husema wanayakimbia wanapoiacha siagi.

Kwa hiyo swali la ipi ina afya zaidi haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza ni majarini gani. Siagi ina takriban gramu 50 za mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100. Majarini laini ya kopo iliyotokana zaidi na mafuta ya maji huwa na kiasi kidogo zaidi cha hayo, na kubadilisha mafuta yaliyoshiba kwa mafuta ya aina ya alizeti hupunguza lehemu mbaya kwenye damu. Hilo limethibitishwa vya kutosha. Majarini ngumu iliyojaa mawese haina ubora huo. Wala mtu asichague majarini akidhani haimnenepeshi: kama zote mbili zina mafuta asilimia 80, nguvu ya chakula inayopatikana ni karibu sawasawa.

Zipo mara mbili ambapo majarini iliwaumiza watu kweli, na zote zinafundisha kusoma kilichomo. Ya kwanza ilitokea Denmark wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchi hiyo iliuza siagi yake kwa wingi nje, na familia maskini zikalisha watoto majarini ambayo wakati ule haikuwa na vitamini A. Daktari wa watoto Carl Bloch aliona watoto wengi wakikauka macho na baadhi wakipofuka. Mwishoni mwa 1917 vizuizi vya vita vilikata malighafi ya majarini, serikali ikagawa siagi kwa mgao nchini, na ugonjwa ule ukapungua upesi sana. Kutokana na uelewa uliokuja baadaye, vitamini A ilianza kuongezwa kwenye majarini, na ndiyo maana leo kopo linaitaja.

Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi kugundulika. Ile njia ya haidrojeni, ikisimamishwa katikati kabla mafuta hayajashiba kabisa, huacha mafuta yenye umbo lililonyooka badala ya lililopinda, yanayoitwa mafuta ya transi. Kwa miongo mingi yalidhaniwa hayana tatizo. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba huongeza lehemu mbaya na papo hapo hupunguza ile nzuri. Denmark iliyawekea kikomo cha kisheria mwaka 2003, na mwaka 2018 WHO ikazitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula cha viwandani. Viwanda vikubwa vimekwishabadili njia. Mnunuzi aangalie kama orodha ya viambato inataja mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu. Ikiyataja, airudishe pakiti rafuni. Siagi nayo ina kiasi kidogo cha mafuta ya aina hiyo kutokana na tumbo la ng'ombe mwenyewe, lakini hakilingani na kile kilichokuwa kwenye majarini ngumu za zamani.

Sasa tuje kwenye chumvi, ambayo hueleweka vibaya kuliko yote haya.

Siagi yenye chumvi na isiyo na chumvi ni siagi ileile mpaka hatua ya kukandwa. Mafuta ni yaleyale, malai ni yaleyale. Isiyo na chumvi haijatiwa sukari, haijapunguzwa mafuta, na si chakula cha wagonjwa peke yao. Tofauti ni chumvi, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wote. Kiasi hicho huonekana kidogo mno kuweza kuhifadhi chakula, na ndipo tunarudi kwenye yale matone ya maji.

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Huyeyuka kwenye maji tu. Chukua pakiti ya gramu 250 yenye chumvi asilimia 1.6, kiasi cha kawaida sana. Ndani yake mna gramu 4 za chumvi na gramu 40 hivi za maji. Gramu zote 4 zimeingia kwenye hizo 40 za maji, kwa hiyo kila tone dogo ni maji ya chumvi ya asilimia 9, makali zaidi ya mara mbili ya maji ya bahari. Bakteria hawaishi kwenye mafuta. Huishi kwenye maji, na maji yao yamegeuzwa kuwa mahali pasipokalika. Hivyo ndivyo chumvi kidogo inavyoilinda siagi nyingi, na hivyo ndivyo siagi ilivyosafirishwa na kuhifadhiwa kabla ya friji kuwepo.

Ulinzi huo hutegemea ukandaji. Chumvi ikiwa ya chenga au ikikandwa kwa haraka, kila chenga huvuta maji ya jirani yake na kutengeneza matone makubwa, huku sehemu nyingine zikibaki na matone yasiyo na chumvi kabisa. Ukikata siagi ya namna hiyo utaona mabaka, manjano iliyokolea hapa na iliyopauka pale, na kisu hutoka na michirizi ya maji. Anayetengeneza siagi nyumbani asage chumvi iwe laini kama unga, na akande mpaka mkato uwe na rangi moja.

Chumvi pia ina mpaka wake. Huzuia bakteria, lakini haizuii hewa na mwanga kuharibu mafuta yenyewe. Siagi iliyoachwa wazi juani itachacha hata ikiwa na chumvi. Dalili huanza juu: tabaka la nje hukolea manjano kuliko ndani kwa kuwa maji yamekauka, na baadaye huja harufu ya rangi ya mafuta au ya karatasi ngumu iliyolowa. Ikiwa harufu ni kali, ya uchachu wa jasho, basi mafuta yameanza kuvunjika na kuachia asidi zake fupi. Chumvi inaweza kuficha harufu hizo zikiwa changa. Ndiyo sababu waokaji hupenda isiyo na chumvi: ikianza kuharibika wanaijua mapema. Lakini hupaswa kukaa kwenye friji na kutumika upesi zaidi, na ya muda mrefu iwekwe kwenye friza.

Sababu ya pili ya waokaji ni udhibiti. Pakiti moja ya gramu 250 inaweza kuwa na gramu 2.5 za chumvi na nyingine gramu 5, kutegemea kiwanda. Lebo nyingi hazitaji chumvi bali sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Ikiandikwa miligramu 640 za sodiamu kwa gramu 100, hiyo ni gramu 1.6 za chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote, na kijiko cha chai kilichojaa sawasawa kina kama gramu 6.

Tuipeleke hesabu hii jikoni. Keki ya siagi gramu 250, sukari 250, unga 250 na mayai manne ikitaka siagi isiyo na chumvi na nusu kijiko cha chai cha chumvi, maana yake inataka gramu 3. Ukiwa na siagi yenye chumvi tu, ile ya gramu 4, acha kuongeza nyingine, na keki itakuwa nzuri. Hiyo gramu moja ya ziada haionekani ndani ya karibu kilo nzima. Ukisahau ukaongeza, utakuwa na gramu 7 na ulimi utagutuka. Kwenye krimu ya kupamba keki hali ni nyingine, maana hapo hakuna unga wala mayai ya kuitawanya chumvi. Siagi isiyo na chumvi ndiyo inayostahili kazi hiyo, na majarini nyingi, kwa kuwa hutiwa chumvi kiwandani, huiharibu ladha yake.

Keki hiyohiyo inaonyesha kwa nini kiasi cha mafuta kina uzito kuliko jina lililoandikwa mbele. Gramu 250 za siagi huleta angalau gramu 200 za mafuta na kama 40 za maji. Majarini yenye mafuta asilimia 80 huleta vivyo hivyo, nayo huchukua nafasi ya siagi bila shida isipokuwa kwenye ladha. Lakini makopo mengi ya kupaka mkate yana mafuta asilimia 60 au hata 40. La asilimia 60 litaleta gramu 150 tu za mafuta, na karibu gramu 100 zilizobaki ni maji. Umeongeza vijiko vinne vya chakula vya maji bila kukusudia, na umepunguza mafuta gramu 50. Keki huumuka vibaya, hushikana katikati, na hukauka siku ya pili. Kikaangoni kopo hilohilo hurukaruka na kupasuka, kwa kuwa maji yanachemka ndani ya mafuta.

Kama lebo imefutika, yeyusha kiasi kwenye glasi iliyosimamishwa ndani ya maji ya moto na uiache itulie. Siagi hujigawa: mafuta maangavu juu, na majimaji meupe chini yasiyozidi moja ya tano ya kimo chote. Kopo la mafuta kidogo huonyesha tabaka nene la maji, ingawa viungo vya kushikanisha vinaweza kulichelewesha kujitenga. Kisha kaanga kijiko kimoja kwa moto mdogo. Siagi hutoa povu, na povu likitulia vichembe vya protini ya maziwa hugeuka kahawia vikanukia kama karanga zilizokaangwa. Majarini isiyo na maziwa haitoi harufu hiyo.

Kwa waokaji wa pwani kuna shida ya joto. Kupiga siagi na sukari hufanikiwa siagi ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20, ambapo huwa laini lakini bado ina mafuta magumu ya kutosha kushikilia hewa. Jiko la Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 30 na zaidi, na hapo siagi imebaki hatua chache iwe mafuta ya maji. Hewa hutoroka, keki hutoka nzito, na lawama huiangukia baking powder. Majarini ngumu huvumilia joto hilo kwa urahisi zaidi, na nadhani hiyo ni sababu ya kweli ya wengi kuizoea, mbali na bei. Anayetaka siagi aikate vipande ikiwa ya baridi, aanze kupiga pale tu kidole kinapoacha alama bila kuzama, na aliweke bakuli juu ya maji ya barafu mara mchanganyiko unapoanza kung'aa.

Samli ndiyo huitenganisha siagi na majarini waziwazi kuliko mapishi yote. Siagi ikichemshwa polepole, maji huondoka, protini huzama na kukaangika, na mafuta safi hubaki juu. Gramu 500 za siagi huacha kama gramu 400 za samli. Wengi huamini siagi yenye chumvi haifai hapa, lakini chumvi haiwezi kubaki kwenye mafuta: maji yakiisha huanguka chini pamoja na mashapo, na ukichuja kwa kitambaa safi bila kukoroga chini, samli haitakuwa na chumvi ya kuhisika. Mashapo yenyewe ndiyo yatakuwa na chumvi kali, kwa hiyo usiyatie kwenye wali au chapati bila kuonja. Majarini ukiichemsha hivyohivyo utapata mafuta ya mimea yaliyotiwa rangi, yasiyo na zile protini za maziwa zinazoipa samli harufu yake.